Mabega Mapana, Mikono Mirefu: Kurekebisha Vipimo vya Nguo Katika Picha za Akili Mnemba

Iombe programu ya akili mnemba ikuchoree mwanamume aliyevaa Kaunda suti ya mikono mifupi, uone itakachokuletea. Mara nyingi atatokea mtu nadhifu, uso umetulia, kitambaa kinang'aa vizuri, lakini alichovaa ni koti la ofisini. Mabega yamepanuka kama yamewekwa pedi, na mikono ya nguo imeshuka hadi kwenye vifundo vya vidole. Fundi anayetaka kumwonyesha mteja mtindo kabla ya kukata kitambaa hawezi kuitumia picha hiyo. Wengi hapo hubonyeza upya, kisha upya tena, wakitarajia kwamba safari moja mashine itapatia. Njia hiyo inakula muda na bando, na haina sababu ya kufaulu, kwa kuwa chanzo cha kosa bado kipo ndani ya maneno yaleyale.

Programu hizi zimejifunza kwa kuoanisha picha na maelezo yake. Stable Diffusion, iliyotolewa kwa umma Agosti 2022 na ambayo bado watu wengi wanaiendesha kwenye kompyuta zao, ilifunzwa kwa mabilioni ya picha zilizokusanywa mtandaoni, na sehemu kubwa ya maelezo ya picha hizo yalikuwa ya Kiingereza. Ndiyo maana maelekezo yake huandikwa kwa Kiingereza hata na sisi tunaofikiri kwa Kiswahili. Sasa, neno `suit` kwa Kiingereza limeambatana na picha nyingi mno za makoti ya mikono mirefu yenye pedi mabegani. Kaunda suti, vazi lililopewa jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, na ambalo Spika Moses Wetang'ula alilipiga marufuku ndani ya Bunge la Kenya mwezi Novemba 2023, haina picha nyingi za kushindana na lile koti. Ukiandika `Kaunda suit`, neno la pili linalimeza la kwanza.

Kuna jambo la pili. Mashine haina tepu kichwani. Haijui kwamba bega la mtu huyu ni sentimita ngapi, wala kwamba mkono mfupi unaishia juu ya kiwiko. Inachojua ni nini huwa karibu na nini katika picha ilizoziona. Kwa hiyo kumwandikia vipimo vya fundi, bega 45 au mkono 24, hakusaidii kitu. Kipimo lazima ukiweke wewe mwenyewe, na mahali pa kukiweka ni kwenye maski.

Maski ni eneo unalolipaka juu ya picha kwa brashi ili kuiambia programu: hapa chora upya, kwingine usiguse. Ukiifungua yenyewe utaona picha ya rangi mbili tu, nyeupe pale panapochorwa upya na nyeusi pale panapoachwa. Maelekezo, yaani yale maneno unayoyaandika kwenye kisanduku, yanasema ni kitu gani kiwepo ndani ya eneo jeupe. Vitu hivi viwili vimegawana kazi: maski inaamua wapi, maneno yanaamua nini. Makosa mengi ya vipimo hubaki palepale kwa sababu mtu anajaribu kulazimisha maneno yafanye kazi ya maski. Anaandika afupishiwe mikono, apunguziwe mabega. Programu ya aina hii haisomi amri ya mabadiliko. Inasoma maelezo ya kitu. Ukiandika `no long sleeves`, umeitajia mikono mirefu, na mikono mirefu ndiyo itakayokuja.

Tuichukue picha moja tuifanyie kazi hadi mwisho. Ina upana wa pikseli 832 na urefu wa 1216, na ndani yake kuna mwanamume aliyesimama wima, anatazama mbele, ukuta wa kijivu nyuma yake, mikono inaning'inia pembeni. Kabla ya kugusa brashi, pima. Kichwa chake, kuanzia utosini hadi kidevuni, ni pikseli 145. Wachoraji hutumia kichwa kama kipimo cha mwili mzima, na kwa mtu mzima wa kawaida urefu wote hukaribia vichwa saba na nusu. Upana wa mabega ya mwanamume, toka ukingo wa nje wa bega moja hadi wa jingine, hauendi mbali na urefu wa vichwa viwili. Kwa picha yetu hiyo ni pikseli 290. Ongeza kidogo kwa unene wa kitambaa, tuseme 310. Ukipima mabega yaliyochorwa unakuta 390. Zimezidi pikseli 80, yaani 40 kila upande.

Sasa una namba badala ya hisia, na namba hiyo inakueleza pia ugumu wa kazi. Ndani ya programu, picha husinywa kwanza: kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 huwa nukta moja tu ya kazi. Ule ukanda wa pikseli 40 unaotaka kuuondoa una upana wa nukta tano. Hiyo ni nafasi finyu sana ya kuchora ukingo wa bega. Ndiyo maana kwenye programu ya AUTOMATIC1111, ambayo wengi hutumia kuendesha Stable Diffusion, kuna chaguo liitwalo `Only masked`. Ukilichagua, programu inakata lile eneo la maski, inalikuza, inalichora likiwa kubwa, kisha inalirudisha mahali pake. Hasara yake ni kwamba wakati inachora haioni mwili mzima. Hapo ndipo linapoingia `Only masked padding`, kiasi cha picha ya pembeni inachoruhusiwa kuona. Mwanzo huwekwa 32. Kwa kazi ya mabega ipandishe hadi 128 au zaidi ili kichwa na kifua vionekane. Bila kichwa, haina cha kulinganishia.

Anza na mabega, usianze na mikono ya nguo. Mkono wa nguo unaning'inia kutoka begani, hivyo ukiufupisha kwanza kisha ukasogeza bega, utaurudia upya.

Maski ya kwanza ni ya kufuta tu. Paka ule ukanda wa nje wa pikseli 40, kuanzia juu ya bega, ushuke nao hadi usawa wa kiwiko, na uzidishe kidogo upande wa ukutani. Ukingo wa ndani wa maski ndio ukingo mpya wa bega, kwa hiyo uchore polepole na uuteremshe kwa mteremko wa bega la kweli, kwa sababu bega la mtu halina kona ya mraba. Kisha kwenye kisanduku cha maneno usimtaje mtu wala nguo. Andika kilichopo nyuma yake:

```
plain grey wall, empty background
```

Hapa kuna mpangilio mmoja unaoamua kila kitu, nao ni `Denoising strength`. Programu haianzi na karatasi tupu. Inachukua kilichokuwepo, inakifunika kwa chengachenga, kisha inazisafisha hadi picha mpya ijitokeze. Namba hiyo inasema kifunikwe kiasi gani. Ikiwa 0.4, umbo la zamani linaonekana bado chini ya chenga, na bega pana litarudi lilivyokuwa, labda limebadilika rangi tu. Wengi hukwama hapa wakadhani maneno yao ndiyo mabaya. Kubadilisha umbo kunahitaji 0.9 au hata 1, na kwenye `Masked content` uchague `fill`, ambayo hupaka eneo lote kwa rangi za jirani kabla ya kuanza, ili lile bega la zamani lisiwepo hata kama kivuli.

Ukibonyeza, utapata picha ya ajabu kidogo: mabega ni sawa, lakini mkono umekatwa upande wa nje na umekuwa mwembamba kama fimbo. Usishtuke, wala usirudi nyuma. Ukuta sasa upo pale unapotakiwa, na ukuta huo ndio utakaouzuia mkono mpya usitoke nje ya mstari.

Maski ya pili ni ya kuchora. Funika mkono wote kuanzia mshono wa bega hadi karibu na kifundo, uingie kidogo upande wa kiunoni ili mkono upate pa kukaa, lakini usiguse ule ukuta mpya kuanzia begani hadi kwenye kiwiko. Kuanzia kiwikoni kushuka unaweza kupanua kidogo, kwa kuwa kiganja kimebaki mahali pake na mkono utahitaji kuinama nje kidogo ili ukifikie. Kiganja chenyewe kiache nje ya maski. Kikiwa na vidole vitano vizuri, hiyo ni bahati isiyofaa kuchezewa. Na maneno yawe haya:

```
man in short sleeve safari shirt, natural sloping shoulder, sleeve ends above the elbow, bare brown arm
```

Tazama nilivyofanya. Neno `suit` limeondoka kabisa, na badala yake limeingia shati la safari, ambalo ndilo jina la Kiingereza lililo karibu zaidi na juu ya Kaunda suti, na ambalo halibebi pedi za mabega. Kisha nimekitaja kile kitakachoonekana baada ya mkono wa nguo kuisha: ngozi ya mkono. Hili ndilo watu husahau. Ukisema mkono wa nguo ni mfupi bila kusema kinachofuata chini yake, umeacha nafasi tupu ndani ya maski, na mashine haipendi nafasi tupu. Huwa na tabia ya kulijaza eneo lote la maski kwa kitu kikuu kilichotajwa, yaani nguo. Kwa hiyo maski ndefu yenye maneno ya nguo pekee huzaa mkono mrefu, hata kama neno `short` limo.

Yale usiyoyataka yana kisanduku chake, `Negative prompt`, na huko huandiki neno la kukanusha. Unayataja tu:

```
suit jacket, long sleeve, cuff, shoulder pads
```

Toa picha nne kwa mara moja, chagua iliyo karibu, na uinakili namba yake ya `Seed`. Ukiiacha kwenye -1, programu inabahatisha upya kila mara, na hutajua kama mabadiliko uliyoyaona yametokana na neno ulilobadilisha au na bahati. Ukiifunga namba hiyo, badilisha kitu kimoja tu kila safari.

Kwa kawaida baada ya maski ya pili mkono wa nguo huwa umefupika, ila umeishia kwenye kiwiko au chini yake kidogo, na wa kulia haulingani na wa kushoto. Sasa ndiyo zamu ya maski ya tatu, iliyo rahisi kuliko zote. Amua pindo likae wapi, mathalani pikseli 40 juu ya kiwiko, na uvute mstari wa mwongozo unaopita mikono yote miwili kwa usawa mmoja. Paka kuanzia mstari huo kushuka. Usiguse kitambaa kilicho juu ya mstari, maana hicho ndicho unachokibakiza. Ukingo wa juu wa maski ndio pindo lako. Maneno yawe ya mkono wa mtu peke yake, `bare brown arm, elbow, forearm`, na nguo isitajwe hata mara moja. `Mask blur`, inayolainisha ukingo wa maski, ishushe hadi 2, la sivyo pindo litakuwa na ukungu kama kitambaa kilichoyeyuka kwenye ngozi.

Kuna kosa dogo ambalo huharibu hatua hii na watu hawalioni. Mkono mrefu wa nguo huwa umeacha alama nje yake: kivuli kwenye paja, uzi wa kafu karibu na kifundo, kipande cha rangi kati ya vidole. Ukifunika mkono wa nguo ukaviacha hivyo nje ya maski, mashine inaviona na kuvisoma kama ushahidi kwamba kuna mkono mrefu hapo, kisha inauchora upya ili uungane navyo. Kwa hiyo maski ya kufupisha lazima izidi kile unachokifuta: ichukue kivuli, ichukue kafu yote, ichukue ukuta kidogo pande zote. Mkono mrefu unaporudi mara tatu mfululizo ingawa maneno ni sahihi, acha kuhangaika na maneno. Ikuze picha, tafuta mabaki.

Utajuaje kwamba imekubali? Kwanza rudia kipimo: mabega kati ya pikseli 300 na 320, pindo mbili kwenye mstari mmoja. Kisha geuza picha kushoto iwe kulia. Jicho lililoizoea picha huamka likiona imegeuzwa, na bega lililopanda kuliko jingine hujitokeza mara moja. Angalia kama pindo lina unene na kivuli chembamba chini yake, kwa kuwa nguo ya kweli haikai kwenye ngozi kama rangi. Halafu linganisha mkono na uso. Mkono mpya huweza kutoka mweupe au mwekundu kuliko uso wa mtu yuleyule, na hilo ni kosa kubwa katika picha za watu wetu. Tiba yake ni kuongeza `padding` hadi uso uingie kwenye eneo linaloonekana, na kuitaja rangi ya ngozi kwa neno bayana, `dark brown skin`, badala ya kuiachia mashine.

Yapo mabega yasiyotii. Mtu aliyekunja mikono kifuani, au aliyesimama upande, hana mstari safi wa kukata, na maski ya kufuta itakula kifua. Hapo ifungue picha kwenye GIMP, programu ya bure, tumia `Warp Transform` kusukuma bega ndani kwa mkono, na upake ngozi na ukuta kwa rangi za kukadiria tu. Itaonekana mbaya. Irudishe, weka maski juu ya sehemu hiyo yote, na safari hii uchague `original` na `Denoising strength` ya 0.5, kwa sababu sasa umbo lililo chini ndilo unalolitaka na unaiomba mashine ilisafishe tu. Mwenye Photoshop atayapata karibu haya yote kwenye `Generative Fill`, ambako eneo ulilolichagua ndilo linalofanya kazi ya maski. Zana mpya zinazopokea amri ya kawaida bila maski zinajaribu pia, na kwa mkono wa nguo mara nyingine zinapatia, lakini ziangalie usoni: zinaweza kukurudishia mteja mwenye sura ya mtu mwingine.

Kwa kitenge, sheria ni kali zaidi. Kitambaa cha rangi moja kikichorwa upya hakuna atakayegundua, lakini maua ya kitenge yakipita ndani ya maski hayarudi yaleyale. Yanakuja mengine yanayofanana, yasiyoungana kwenye mshono. Kwa nguo za maua tumia maski za kufuta pekee, ambazo upande wa ndani wake hauli kitambaa kinachobaki. Ukilazimika kuchora kitambaa kipya, chukua kipande cha picha halisi ya kitenge hicho ukakibandike kwa mkono.

Kazi hii ina mpaka, na napenda usemwe wazi. Tulichokirekebisha ni picha ya wazo. Ni halali kumwonyesha mteja mtindo kabla ya mkasi, alimradi ajue kwamba ni mchoro. Si halali kuchukua picha ya shati lililokwisha kushonwa, lenye mabega yaliyoanguka na mikono iliyozidi, ukalinyoosha kwa maski na kulitangaza kama lilivyo. Aliyelipa kwa kuiamini picha hiyo atavaa mabega yaliyoanguka. Nguo iliyoshonwa vibaya inafumuliwa mshono wa bega, inapunguzwa, inashonwa upya, kisha inapigwa picha nyingine.

Kwa hiyo wewe fundi au muuzaji unayetuma picha ya mtindo kwa mteja, iandike wazi kuwa ni ya mfano, na chini yake weka vipimo vitatu vya nguo utakayoikata: upana wa bega, urefu wa mkono na mzunguko wa kifua, kwa sentimita, kutoka kwenye tepu yako.